Makuta ya mwisho wa kazi: mwaka wa kwanza uiweke wapi?

Wasikilizaji wetu wa Likasi, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkafika hapa kwetu, wengi mmenipigia simu tangu tulipotangaza habari ya wafanyakazi walioachishwa na kulipwa mara moja. Kila mmoja ana swali lile lile: nikishapata ile makuta, niipeleke wapi? Redioni nilikuwa na dakika tatu tu. Hapa nina nafasi, basi nieleze kwa utulivu, na nianzie nyumbani kwetu, maana swali hili lilitukuta mimi nikiwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines hapa Shituru. Mwaka wa 2003 alitia sahihi kwenye ule mpango ambao watu wote wa Katanga wanaujua kwa jina la depar volontere. Pesa ilitoka Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka, kila mmoja akilipwa mara moja kwa kumaliza hesabu yote. Mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi sana kabla ya hapo. Watu walikuwa wanakula deni. Kama hesabu ile ilikuwa ya haki au hapana, hilo limebishaniwa tangu wakati ule na si habari ya leo. Leo nasema juu ya kile kilichotokea baada ya pesa kufika mkononi.

Baba alipokea dola 4,800. Alirudi nazo ndani ya bahasha, akaziweka chini ya godoro, na usiku ule hakulala. Wiki ya kwanza walikuja wenye madeni: muuza unga, mwenye duka, mwalimu wa shule yetu. Hiyo ilikuwa haki yao. Wiki ya pili walikuja ndugu. Baba mdogo alitoka Kambove na habari ya mgonjwa, shangazi akaleta habari ya matanga, na binamu mmoja akaja na mpango wa kununua basi ndogo. Baba hakuwa mtu mpumbavu. Lakini mtu akijua kwamba pesa iko hapo nyuma ya ukuta, utamjibu nini? Huwezi kusema hauna.

Mwezi wa tatu zilibaki kama dola 2,500. Ndipo aliposikia juu ya nyumba moja ya akiba hapa mjini, ambayo sitaitaja jina, iliyokuwa inatoa asilimia 10 kwa mwezi. Alipeleka 1,500. Miezi minne walimlipa dola 150 kila mwezi, bila kukosa, na sisi tulikula nyama siku za Jumapili. Mwezi wa tano mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ukipiga hesabu utaona kwamba zile dola 600 alizopewa hazikuwa faida. Zilikuwa pesa yake mwenyewe ikirudi kidogo kidogo, pamoja na pesa ya wale walioingia nyuma yake. Wazee wa Kinshasa walikuwa wameshaona jambo hilo na Bindo mwaka wa 1991, lakini habari ya mji mwingine ni nyepesi kusahau.

Sasa nije kwa mwaka huu. Jirani yetu wa Kikula, rafiki wa baba tangu ujana, aliachishwa kazi na kampuni moja ya ukandarasi iliyopunguza watu. Ni fundi wa kuunganisha vyuma, ana miaka 57, nyumba ni yake mwenyewe, na watoto watatu wako bado shuleni. Alilipwa dola 9,600. Usiku huo huo alinitumia kijana wake aniite. Nilimkuta amekaa na mke wake, redio imezimwa, dirisha limefungwa.

«Mwanangu,» aliniambia, «niliona vile baba yako aliumia. Banki nayo naiogopa. Makuta ikikala mu nyumba inaisha, ikienda banki inapotea. Nifanye namna gani?»

Nilimwomba tusianze na banki. Tuanze na mwaka wenyewe, mwezi kwa mwezi. Mama alichukua daftari la mtoto. Chakula, umeme, maji, usafiri, dawa, minervali: tulipata kama dola 250 kwa mwezi. Maana yake dola 3,000 kwa mwaka, kama hatapata kazi ndogo ndogo hata moja. Madeni yalikuwa dola 700. Tuliyatoa kwanza, yote, siku ya pili, kwa sababu hakuna banki itakayokupa faida inayoshinda riba ya banki lamberi ambayo mtu analipa kwa jirani. Zikabaki dola 8,900.

Hapo ndipo mambo matatu yanavutana. Pesa iwe salama, pesa ipatikane siku unapoitaka, na pesa izae kidogo. Hakuna mahali panapotoa yote matatu kwa kipimo kamili. Nyumbani inapatikana saa yoyote, lakini usalama ni sifuri na haizai kitu. Tena dola za karatasi kwetu zina ugonjwa wao: ikipasuka kidogo pembeni, au ikichorwa kalamu, sokoni wanaikataa, na wewe ulipewa kama dola kamili. Kwenye simu, kwa M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, inapatikana karibu kila pembe ya mtaa, ila kuna kikomo cha kiasi, kila kutoa kunakatwa, na mtu akijua nambari yako ya siri amekumaliza. Simu ni mfuko wa suruali. Si ghala.

Banki nayo ina milango miwili. Ule wa kwanza ni konti ya kawaida: unaweka leo, unatoa kesho, haizai, na kila mwezi wanakata pesa ya kushika konti. Ule wa pili ni depo ya muda. Unakubaliana na banki kwamba pesa itakaa miezi 3, 6, 9 au 12, unatia sahihi kwenye karatasi, nao wanakuandikia riba. Ukiivunja kabla ya siku yake, kwa kawaida riba inapotea yote au sehemu kubwa, hata kama ulibakiza wiki mbili. Hapo wengi wanaanguka. Wanasikia riba ya mwaka mzima, wanafunga pesa yote, halafu mwezi wa tano mtoto anaanguka mgonjwa na karatasi inavunjwa. Wamekaa miezi mitano bila kupata kitu.

Basi pamoja na Papa tuligawa hivi. Dola 1,100 kwenye konti ya kawaida: miezi mitatu ya kula, ambayo ni 750, na 350 za ugonjwa au msiba. Dola 1,000 kwenye depo ya miezi 3. Dola 1,000 nyingine kwenye ya miezi 6. Dola 1,000 tena kwenye ya miezi 9. Na dola 4,800 kwenye ya mwaka mmoja. (Nilipoona hesabu hiyo ya mwisho nilinyamaza. Ni ile ile ya baba.) Kila miezi mitatu, pesa ya chakula ikielekea kuisha, depo moja inakomaa na kujaza konti tena. Hakuna karatasi ya kuvunja, na ndugu akija, jibu la kweli lipo: «Iko mu banki, itatoka mwezi wa tisa.» Mama alicheka aliposikia hivyo. Alisema hilo peke yake lina bei kuliko riba.

Na riba ni kiasi gani? Kila banki ina bei yake, na bei inabadilika, kwa hiyo mfano wangu msiupeleke dirishani kama ahadi. Tuseme wanatoa asilimia 3 kwa mwaka kwa depo ya miezi 3, asilimia 3 na nusu kwa ya miezi 6, asilimia 4 kwa ya miezi 9, na asilimia 5 kwa ya mwaka. Angalieni vizuri: asilimia ni ya mwaka mzima, hata kama depo ni ya miezi mitatu. Kwa hiyo dola 1,000 ya miezi 3 haizai 30. Inazaa robo ya 30, ni dola 7 na nusu. Ya miezi 6 inazaa 17 na nusu. Ya miezi 9 inazaa 30. Ya mwaka inazaa 240. Jumla ni dola 295. Banki ikikata dola 3 kila mwezi kwa konti, toa 36, zinabaki 259. Na ulizeni pia kama kuna kodi inayokatwa juu ya riba, muandikiwe, msiambiwe kwa mdomo tu.

Dola 259 ni kama mwezi mmoja wa kula wa nyumba ile. Papa alikunja uso.

«Ni hiyo tu?»

Ndiyo, ni hiyo tu. Angefunga zote 8,900 kwa mwaka kwa asilimia 5 angepata 445, lakini angekula nini mwezi wa pili? Mwaka wa kwanza riba hailishi mtu. Kinachomlisha ni zile dola 8,900 kubaki pale zilipo. Mtu akikuahidi kwa mwezi mmoja kile ambacho banki inatoa kwa miaka miwili, muulize anafanya biashara gani inayompa faida hiyo, na kwa nini asiende kukopa banki kwa asilimia ndogo badala ya kutafuta wewe.

Sasa ile hofu ya banki. Si hofu ya kijinga, na mimi sikumkatalia. Watu wa umri wake wanakumbuka Desemba 1979, Mobutu alipoondoa noti za zaire 5 na 10 kwa ghafla, na wengi hawakuweza kubadilisha zote walizokuwa nazo. Wanakumbuka mwaka wa 1993, milioni 3 za zaire ya zamani zikawa zaire mpya moja. Na wengine si wazee, wanakumbuka BIAC. Mwaka wa 2016 banki hiyo iliishiwa pesa mkononi, wateja walipanga mistari na kupewa kidogo kidogo tu, hadi Banki Kuu ya Kongo ikaiweka chini ya usimamizi wake. Wenye pesa pale hawakuwa wamecheza bahati nasibu. Walikuwa katika banki yenye kibali.

Kutokana na hayo tulifanya mambo mawili. La kwanza, zile 4,800 tuliziweka kwenye banki nyingine, si ile yenye konti ya kula. Ni kazi kidogo zaidi, karatasi mbili, foleni mbili. Lakini banki moja ikifunga dirisha, nyumba haisimami. La pili, tuliuliza kibali. Banki, kooperative ya akiba na nyumba za mikopo midogo, zote zinatakiwa kuwa na kibali cha Banki Kuu, na Banki Kuu inatoa orodha ya wale waliokubaliwa. Uliza nambari ya kibali na uiangalie kwenye orodha, si kwenye picha iliyobandikwa ukutani. Kibali cha biashara cha mji si kibali cha kushika akiba ya watu. Nyumba ile iliyomla baba ilikuwa na muhuri mzuri sana, wa duara, wa bluu. Ulikuwa muhuri wa kuuza bidhaa.

Kuna dalili nyingine ambazo nimejifunza kwa kusikiliza watu kwenye mikro. Ukiweka pesa ukapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono, bila nambari ya konti, hiyo ni deni la rafiki, si akiba. Ukiomba kutoa na wakakuambia ngoja Jumatatu, halafu Jumatatu wakakuambia Alhamisi, usisubiri Alhamisi ya tatu. Na wakikupa zawadi kwa kuleta mtu mpya, faida yako inatoka mfukoni mwa huyo mtu.

Dola au franka? Mwanzo wa 2016 dola ilikuwa kama franka 930, na mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Aliyekuwa ameweka franka alipoteza sehemu kubwa bila kuibiwa na mtu. Ndiyo sababu depo zote za Papa ziko kwa dola, na mkataba umeandikwa kwa dola. Lakini mwaka wa 2025 tuliona upande wa pili: dola iliyokuwa juu ya 2,800 ilishuka chini ya 2,500 kwa muda mfupi, na bei sokoni hazikushuka nayo. Waliokuwa na dola na wanakula kwa franka waliumia. Kwa hiyo pesa ya chakula ya mwezi mmoja, Papa anaibadilisha mara moja kuwa franka mwanzo wa mwezi, hangojei bei. Anayetaka kucheza na bei ya cambiste afanye hivyo na pesa nyingine.

Kwa ninyi mliotoka Goma na Bukavu, nina neno moja. Banki za Goma zilifunga mwisho wa Januari 2025, na wengi walifikiri pesa yao imebaki ndani ya jengo. Konti haikai ndani ya jengo. Kama banki yako ina tawi hapa Likasi au Lubumbashi, nenda na kitambulisho na nambari ya konti. Kama kitambulisho kilipotea njiani, anza na karatasi ya kupotea kwa polisi, kisha kadi ya mpiga kura ya nakala, halafu ndipo dirishani. Nambari ya konti ni nzuri kuiandika pahali pawili, na kimoja kiwe kichwani. Na nyumba ya akiba ambayo ina ofisi moja tu, katika mji mmoja, fikirini mara mbili, hata kama ina kibali na watu wake ni waaminifu. Mji ukifungwa, nayo imefungwa.

Kitu cha mwisho tulichofanya kilileta ugomvi mdogo. Nilimuuliza Papa: ukifa kesho, Mama anafanyaje? Alijibu kwamba atamwandikia prokirasyo. Prokirasyo ni nzuri akiwa mgonjwa au akiwa safarini, lakini inakufa pamoja na aliyeitia sahihi. Siku banki inapojua mtu amekufa, konti inafungwa hadi karatasi za urithi zitoke, na hapo ndugu wa mume wanaingia na sauti zao. Konti ya watu wawili, yenye majina na sahihi za wote, inampa Mama mahali pa kusimama. Papa hakupenda. Alisema banki si mahali pa kutangaza ndoa. Mama hakusema kitu, alifunga daftari tu na kwenda kuangalia bukari jikoni. Baada ya siku tatu walienda wote wawili, na ile konti ya kula iko kwa majina mawili. Depo kubwa bado iko kwa jina lake peke yake. Mimi ningefanya tofauti, lakini si makuta yangu.

Niliangalia pamoja naye mkataba wa ile depo ya mwaka kabla ya kutia sahihi, na kulikuwa na mstari mdogo chini: depo ikikomaa, inajirudia yenyewe kwa muda ule ule, isipokuwa mteja ameandika kabla. Watu wengi hawausomi. Wanafika siku ya pili baada ya tarehe, wakiwa na mpango wa kununua mabati, wanaambiwa pesa imefungwa tena mwaka mwingine. Tuliandika barua ya kukataa siku hiyo hiyo, nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Depo ya kwanza, ile ya miezi mitatu, ilikomaa wiki iliyopita. Nilimsindikiza. Walimhesabia dola 1,007 na nusu, ile nusu kwa franka. Alizihesabu mara mbili pale dirishani, akarudisha noti moja ya 20 iliyokuwa imepasuka pembeni, akangoja apewe nyingine. Nje aliniambia kuna mtu wa Panda anayemtafuta juu ya mashine ya kuunganisha vyuma, ya kutumika, dola 650, na inaweza kuingiza 100 kwa mwezi kama umeme unakuja. Tumeweka siku ya Jumamosi kwenda kuiangalia ikiwaka.